Kazi nyingi, mashine mbili: jinsi ya kupanga foleni ili mzigo wote uishe mapema

Hili swali linarudi kila mara na wengi mnakosea palepale. Mtu ana kazi tano au kumi, kila moja lazima ipite mashine ya kwanza halafu ya pili, anazipanga kwa akili yake, halafu jioni anashangaa mashine ya pili ilikaa bure nusu saa asubuhi na sasa hivi ndo inahangaika peke yake huku ya kwanza imeshazimwa. Wengine wanaijua kanuni yenyewe (inaitwa kanuni ya Johnson, ipo tangu 1954) ila wanaipindua katikati bila kujua. Twende taratibu, kwa mfano mmoja tu mwanzo mwisho.

Mfano wetu ni wa kuprinti vitabu halafu kuvijalidi. Ukiwa na mashine ya kufua na ya kukausha, au ya kukata mbao na ya kupiga randa, badilisha majina tu, hesabu ni ileile.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Orodha ya kazi zote za mzigo huo, ziwe zipo tayari, sio "inakuja mchana".
- Muda wa kila kazi kwenye mashine ya kwanza, na muda wake kwenye ya pili. Dakika, sio "kama lisaa hivi".
- Karatasi na kalamu, au Excel / Google Sheets kwenye simu.
- Sehemu ya kuweka kazi zinazosubiri katikati ya mashine mbili. Hii watu wanaisahau, nitairudia chini.

Halafu hakikisha hali yako inafanana na hii: mashine ya kwanza iko moja, ya pili iko moja, kila mashine inafanya kazi moja kwa wakati, ukianza kazi unaimaliza kabla ya kushika nyingine, na kazi zote zinaenda uelekeo mmoja, ya kwanza kisha ya pili. Kama una mashine mbili za kujalidi zinazofanya kazi pamoja, hii kanuni sio yako, usiilazimishe.

## Hatua ya 1: Pima muda, na upime vizuri

Makosa mengi yanaanzia hapa, wala sio kwenye kupanga. Muda wa kazi kwenye mashine ni kuanzia unapoigusa mashine kwa ajili ya kazi ile mpaka mashine iwe huru kwa kazi inayofuata. Maana yake kuseti, kupakia karatasi, kufanya jaribio la kwanza na kufuta uchafu, vyote vimo ndani. Ukiandika dakika 20 kwa sababu printa inaprinti dakika 20, lakini kuiseti ni dakika 10 nyingine, basi namba yako ni 30.

Ila kuna muda ambao HAUMO: ule ambao kazi inasubiri lakini mashine iko huru. Mimi mwenyewe nilishawahi kuharibu siku nzima kwa hili. Wino ulikuwa unahitaji dakika 15 kukauka kabla ya kujalidi, nikazijumlisha kwenye muda wa printa, kwa hiyo kwenye karatasi yangu printa ilikuwa "bize" wakati kiuhalisia imekaa tu inanitazama. Muda wa kukauka unaandikwa pembeni, tutaushughulikia baadaye.

Mfano wetu sasa, kazi tano kama zilivyoletwa:

| Kazi | Printa (dk) | Kujalidi (dk) |
|---|---|---|
| A | 60 | 40 |
| B | 40 | 20 |
| C | 20 | 40 |
| D | 10 | 30 |
| E | 50 | 60 |

Utajua hatua hii imekaa sawa kama kila kazi ina namba mbili, zote kwa kipimo kimoja. Usichanganye dakika na masaa, utacheka ila imetokea.

Kuna kazi haihitaji mashine moja? Weka sifuri. Kazi ya kujalidi tu, isiyoprintiwa, inaandikwa 0 upande wa printa, na kanuni yenyewe itaipeleka mbele kabisa. Ya kuprinti tu inapata 0 upande wa kujalidi, itaenda mwisho.

## Hatua ya 2: Jua unapambana na nini

Usiruke hapa, maana ukielewa hii huwezi kuipindua kanuni hata ukisahau maneno yake.

Jumla ya printa ni dakika 180, jumla ya kujalidi ni 190. Hizo huwezi kuzipunguza kwa kupanga, ziko vilevile hata ufanyeje. Unachoweza kupunguza ni muda wa mashine kukaa bure, na ubure unatokea sehemu mbili hasa. Asubuhi, mashine ya kujalidi haina cha kufanya mpaka kazi ya kwanza itoke kwenye printa. Jioni, printa imemaliza na kujalidi inamalizia kazi ya mwisho peke yake.

Kwa hiyo unataka kazi ya kwanza itoke haraka kwenye printa ili mashine ya pili ianze kula mapema, na kazi ya mwisho iwe fupi kwenye kujalidi ili mkia usiburuze. Katikati, unataka mashine ya pili iwe na akiba ya kazi inayoisubiri, isije ikakauka wakati printa inahangaika na kazi ndefu.

Kutokana na hapo unapata namba mbili za kujipima nazo kabla hata hujapanga. Mashine ya pili haiwezi kuanza kabla ya dakika 10 (kazi fupi kuliko zote kwenye printa), kwa hiyo huwezi kumaliza kabla ya 10 + 190 = 200. Na baada ya printa kumaliza dakika ya 180, lazima kuwe na kazi moja inayomaliziwa kujalidiwa, fupi kabisa ni 20, kwa hiyo 180 + 20 = 200. Chukua kubwa kati ya hizo mbili. Hapa zimetoka sawa, 200, bahati tu, kwa kawaida zinatofautiana. Hakuna mpangilio wowote duniani utakaomaliza mzigo huu chini ya dakika 200. Iandike juu ya karatasi.

## Hatua ya 3: Panga, ukianzia na namba ndogo kuliko zote

Chora visanduku vitano vitupu. Sasa tafuta namba ndogo kuliko zote kwenye jedwali ZIMA, safu zote mbili kwa pamoja.

Kama iko upande wa mashine ya kwanza, ile kazi iweke kwenye kisanduku cha mbele kabisa kilicho wazi. Kama iko upande wa mashine ya pili, iweke kwenye kisanduku cha nyuma kabisa kilicho wazi. Ikate kwenye jedwali, kazi nzima na namba zake zote mbili, halafu rudia.

Kwetu inaenda hivi. Ndogo kuliko zote ni 10, ya D, upande wa printa. D mbele:

```
D _ _ _ _
```

Inayofuata ni 20, na ziko mbili: C upande wa printa, B upande wa kujalidi. Hazigombani, C anaenda mbele, B anaenda nyuma:

```
D C _ _ B
```

Zimebaki A (60, 40) na E (50, 60). Ndogo ni 40, ya A, na iko upande wa kujalidi, kwa hiyo A anaenda nyuma, kwenye nafasi ya nne. E anabaki na nafasi iliyobaki:

```
D C E A B
```

Basi. Huo ndo mpangilio, na unautumia uleule kwenye mashine zote mbili. Usije ukaanza kubadilisha foleni kwenye mashine ya pili ukidhani unasaidia, kwa mashine mbili hakuna faida yoyote utakayoipata kwenye muda wa kumaliza.

Pale mnapokwama. Wengi wanapanga kwa kuangalia printa peke yake, ndogo kwenda kubwa. Hapo utapata D C B E A. B amevutwa mbele kwa sababu 40 inaonekana ndogo kwenye printa, ila B ndiye mwenye mkia mfupi kuliko wote na ulimhitaji mwisho. Wengine wanajumlisha safu mbili wanapanga kwa jumla. Wengine wanaweka kazi kubwa kwanza "ili tuitoe njiani". Zote nimezipiga hesabu, majibu yako hatua ya 4.

Namba zikifungana je? Kama ni kazi mbili zenye namba sawa upande uleule, yoyote itangulie. Kama kazi moja ina namba sawa pande zote mbili, iweke mbele au nyuma unavyotaka. Muda wa kumaliza hautabadilika.

Kama kazi ni nyingi, tuseme thelathini, kutafuta namba ndogo kila mara kunachosha macho na hapo ndo watu wanaruka kazi. Tumia njia ya makundi: kundi la kwanza ni kazi zote ambazo muda wa mashine ya kwanza ni mdogo kuliko wa pili, zipange kwa muda wa mashine ya KWANZA, ndogo kwenda kubwa. Kundi la pili ni zilizobaki, zipange kwa muda wa mashine ya PILI, kubwa kwenda ndogo. Unganisha. Kwetu kundi la kwanza ni D, C, E, la pili ni A, B. Jibu ni lilelile. Hilo "kubwa kwenda ndogo" la kundi la pili ndo linalopinduliwa kuliko kitu chochote, kwa hiyo jiulize: kazi ya mwisho kabisa ndo fupi kwenye mashine ya pili? Kama sio, umegeuza.

## Hatua ya 4: Piga hesabu ya saa, usiamini tu

Kwa kila kazi: printa inamaliza lini? Ni muda wa iliyotangulia jumlisha wake. Kujalidi inaanza lini? Pale ambapo kazi imeshatoka kwenye printa NA mashine ya pili imeshakuwa huru, kwa hiyo unachukua muda wa baadaye kati ya hizo mbili.

| Kazi | Printa inamaliza | Kujalidi inaanza | Kujalidi inamaliza |
|---|---|---|---|
| D | 10 | 10 | 40 |
| C | 30 | 40 | 80 |
| E | 80 | 80 | 140 |
| A | 140 | 140 | 180 |
| B | 180 | 180 | 200 |

Dakika 200, sawasawa na ile tuliyoiandika juu ya karatasi, kwa hiyo hakuna cha kutafuta tena. Angalia E: anatoka printa dakika ya 80 na mashine ya pili inamaliza C dakika hiyohiyo.

Sasa zile njia nyingine. Kama zilivyoletwa, A B C D E, ni dakika 250, kwa sababu mashine ya kujalidi inakaa saa nzima ikimsubiri A halafu E mwenye dakika 60 anabaki mkiani. Kwa jumla ndogo kwenda kubwa, 240. Kwa jumla kubwa kwanza, 240. Kwa printa peke yake, 220. Hiyo ya 220 ndo hatari kwa maoni yangu, maana inaonekana nzuri na mtu anaridhika.

Kwenye Excel au Sheets weka majina safu ya A, printa B, kujalidi C, mstari wa kwanza uwe vichwa, kazi zikae kwa mpangilio uliopata. Kwenye D2 na E2 andika:

```
D2: =B2
E2: =D2+C2
```

Halafu mstari wa tatu, uvute kwenda chini:

```
D3: =D2+B3
E3: =MAX(D3,E2)+C3
```

Namba ya mwisho ya safu ya E ndo muda wa kumaliza. Ukitaka kujaribu mpangilio mwingine, hamisha mistari na uangalie namba ile. Ila ukihamisha kwa kukata na kubandika fomyula zinaweza kuhama nazo, kwa hiyo andika upya safu A, B na C tu, D na E ziache.

Kama jibu lako liko juu ya ile namba ya chini kabisa ya hatua ya 2, usiogope. Namba ile inasema huwezi kwenda chini yake, haisemi lazima uifikie. Ila kama liko CHINI yake, umekosea hesabu, moja kwa moja.

## Hatua ya 5: Muda wa kukauka, kupoa, kusafirishwa

Turudi kwenye wino wangu. Kama kila kazi inahitaji dakika 15 zilezile kati ya mashine mbili, mpangilio haubadiliki kabisa. Kinachobadilika ni hesabu ya saa: E2 inakuwa `=D2+15+C2`, na E3 inakuwa `=MAX(D3+15,E2)+C3`. Mzigo wetu unaisha 215.

Kama kila kazi ina muda wake wa kukauka, jumlisha muda huo kwenye namba ZOTE mbili za kazi hiyo, printa na kujalidi, kisha panga kama hatua ya 3 kwa namba hizo mpya. Kazi ya 60 na 40 inayokauka dakika 30 inapangwa kama 90 na 70. Namba hizo za kuongezwa ni za kupangia tu, ukirudi kwenye hesabu ya saa tumia za kweli.

## Hatua ya 6: Mteja kasimama mlangoni, au kazi mpya imeingia

Kazi mpya ikija katikati, zilizoanza ziache ziendelee, zilizobaki zote pamoja na hiyo mpya zipange upya kwa hatua ya 3. Bado utakuwa na mpangilio bora kwa zile zilizobaki, hata kama mashine ya pili ina kazi mkononi.

Mteja wa haraka ni habari nyingine, maana kanuni hii haijui haraka ya mtu. Inajali dakika ambayo kazi ya mwisho inaisha, basi. Tuseme mwenye A anaitaka sasa hivi. Kwenye mpangilio wetu A inatoka dakika ya 180. Ukimuweka wa kwanza na waliobaki ukawapanga kwa kanuni (A D C E B), yeye anapata yake dakika ya 100 ila mzigo wote unaisha 250, umepoteza dakika 50.

Sasa jaribu kumuweka wa pili, nyuma ya D: D A C E B. Yeye anapata dakika ya 110, na mzigo unaisha 230. Yaani mteja anasubiri dakika 10 zaidi na wewe unaokoa 20. D ni mfupi sana kwenye printa, anamchelewesha A kidogo huku akiipa mashine ya pili kitu cha kufanya. Kabla hujamwambia mtu "wewe kwanza", jaribu hiyo nafasi ya pili kwenye shiti yako.

## Wapi kanuni inakuangusha

Hakuna nafasi katikati. Kanuni inachukulia kwamba kazi iliyotoka printa inaweza kukaa pembeni ikisubiri. Kwenye mfano wetu C anasubiri dakika 10 tu, kwa hiyo meza moja inatosha, ila kwenye mzigo wa kazi thelathini zile fupi za mwanzo zinaweza kurundikana. Kama nafasi ni finyu mpaka printa inashindwa kuanza nyingine kwa sababu ya kwanza haijaondolewa, au kama bidhaa haiwezi kusubiri kabisa, inapoa au inaganda, mpangilio huu unaweza usiwe bora.

Kuseti kunategemea nani katangulia. Kutoka rangi nyeusi kwenda nyeupe unasafisha nusu saa, kutoka nyeupe kwenda nyeusi dakika tano. Hapo muda wa kazi sio namba moja tena na kanuni haina dhamana. Mimi nakusanya za rangi moja kama kazi moja kubwa kisha napanga makundi. Sio jibu kamili ila linafanya kazi.

Mashine tatu. Kwa ujumla haifanyi kazi, usiitanue kichwakichwa. Kuna hali moja tu rahisi: kama muda mrefu kuliko wote kwenye mashine ya kati hauzidi muda mfupi kuliko wote kwenye ya kwanza (au kwenye ya tatu), jumlisha ya kwanza na ya kati upate namba moja, ya kati na ya tatu upate nyingine, kisha panga kana kwamba ni mashine mbili. Hilo sharti lisipotimia unaweza kupata mpangilio mzuri kwa bahati, ila huna uhakika kama ndo bora.